Jibu la Tatu

Éliane Kalenga alikuwa uani akichekecha unga wa bukari, ugali wa kwao, kama alivyofanya kila siku baada ya shule, mgeni alipotokea kwenye uwazi wa ua. Alikuwa kijana mwembamba, suruali imelowa tope jekundu hadi magotini, na mkoba ameukumbatia kifuani kama mtu aliyebeba mtoto mchanga. Hakuomba maji wala kiti. Alinyoosha kidole kuelekea paa akauliza kama ile sahani ya jua inatoa umeme kweli, au ni pambo tu.

Baba yake Éliane, Papa Edmond, alicheka ndani ya nyumba kabla hata ya kutoka. Alipotoka alimuuliza kijana jina lake na atokako. Aliitwa Amédée. Alikuwa amepanda treni Lubumbashi, akielekea Kalemie, lakini mvua ilikuwa imebomoa tuta la reli mbele kidogo ya Kamina, mji wa akina Éliane, na abiria wote walikuwa wameshushwa wangoje. Kompyuta yake ilikuwa imeishiwa umeme, na ndani yake mlikuwa na kazi yake yote.

Papa Edmond alifanya kazi ya kugeuza reli pale kituoni, mahali ambapo njia zinaachana. Mtu aliyekwamishwa na reli alimwona kuwa mgeni wake mwenyewe. Alimpa Amédée godoro katika chumba cha mbele, akamwambia akae hadi njia itengenezwe.

Kazi ya Amédée ilikuwa kutunga michezo ya kompyuta. Haikuwa michezo ya kupiga risasi. Ilikuwa hadithi ambayo mchezaji anaingia ndani yake na kuwa mmoja wa watu wake. Katika mchezo aliokuwa akiutengeneza, ambao bado hakuwa ameupa jina, mchezaji alikuwa msichana aitwaye Kapinga. Kijiji chake kimechomwa na watu wenye silaha, naye anawaongoza majirani waliosalia kwa miguu hadi mjini. Njiani anakutana na watu. Kila mtu akishasema neno lake, chini kwenye kioo cha kompyuta yanatokea majibu mawili au matatu, na mchezaji anachagua Kapinga ajibu nini. Pembeni kulisimama mstari mrefu, nusu mweusi na nusu mweupe. Amédée aliuita kipimo cha moyo.

Alimwomba Éliane aujaribu, kwa sababu mtunzi hawezi kuona makosa ya mchezo wake mwenyewe. Éliane alikuwa na miaka kumi na mitatu, na hakuhitaji kubembelezwa. Alipojibu kwa upole, weupe ulipanda. Aliposema uongo au kumkaripia mtu, weusi ulipanda. Jambo hilo lilimpendeza kuliko alivyoweza kueleza. Shuleni, kwenye ripoti ya kila muhula, mbele ya neno conduite, yaani mwenendo, mwalimu alikuwa amemwandikia élite, alama ya juu kabisa, tangu darasa la kwanza. Kwa Éliane, wema ulikuwa kitu kinachopimwa na kuandikwa, na yeye alikuwa nao wa kutosha.

"Lakini njia ni nyingi," alimwambia siku moja wakati wa chakula, kwani alikuwa amezoea kumwita Tonton, mjomba. "Nikijibu hivi inaenda huku, nikijibu vile inaenda kule. Tonton, uliandika hadithi ngapi?"

Amédée alicheka, akakiri kwamba kuna ujanja. Kama kila jibu lingefungua njia yake mpya hadi mwisho, na kila njia igawanyike tena, angeandika hadi azeeke. Kwa hiyo njia nyingi zinaachana kwa muda mfupi, kisha zinakutana tena. Ujibu kwa upole au kwa ukali, utafika kwenye kivuko kilekile cha mto Lualaba. Maneno tu ya watu yatabadilika. Ni machaguo machache tu yanayokupeleka kwingine kabisa.

"Ni kama mu gare," alisema Papa Edmond, akimega bukari na kuashiria upande wa kituo cha treni. "Treni inapita reli ya pili, inazunguka ile ingine, inarudia kwa reli yake. Inawaza imechagua."

Wote walicheka, na mama yake Éliane pia. Mama Mputu alikuwa muuguzi katika kituo cha afya cha mtaa. Siku hizo alirudi nyumbani akiwa amechoka sana, kwa kuwa pampu ya mtaa ilikuwa imekufa, watu walikuwa wakichota maji kwenye visima vya wazi, na wagonjwa wa tumbo waliongezeka.

Éliane alizidi kuujua mchezo. Aligundua kwamba baadhi ya majibu yanaonekana kwa rangi ya kijivu na hayachaguliki, hadi weupe ufike kiwango fulani. Mtu mwenye moyo mweupe sana, kwa mfano, aliweza kumwomba mwanajeshi wa kizuizini awaache wapite, naye akakubali. Mwenye moyo wa katikati hakupewa hata nafasi ya kuomba. Aligundua pia kwamba anaweza kuhifadhi mchezo kabla ya mazungumzo magumu, ajaribu jibu moja, na likimharibia arudi pale alipohifadhi na kujaribu jingine, kana kwamba hakuwahi kusema la kwanza.

Zaidi ya yote aligundua ombaomba. Alikuwa kipofu aliyekaa kando ya njia, na kila mara Kapinga alipompa kipande cha muhogo, weupe ulipanda kidogo. Amédée alikuwa amesahau kuweka kikomo. Éliane alirudi kwa kipofu huyo tena na tena. Pale kivukoni, bibi mmoja mzee alipouliza kama mtumbwi utarudi kumchukua, Éliane alichagua jibu la kumridhisha, la uongo, ili watu wake wavuke haraka. Weusi ulipanda. Hakujali. Alikwenda kwa kipofu, akagawa muhogo hadi weupe ukarudi juu.

Ilikuwa katika siku hizo Phébé alipokuja. Phébé alikaa dawati moja na Éliane. Yeye na mdogo wake Béni, na nkambo yao, bibi yao mzee, walikuwa wamekimbia vita upande wa Malemba-Nkulu, sasa walikaa katika chumba kimoja kwa shangazi yao, nyuma ya reli. Alisimama mlangoni bila kuketi. Alisema kwa sauti ndogo kwamba Béni anaharisha tangu asubuhi, maji matupu, na anatapika. Hawakutaka kumpeleka kituo cha afya mchana, watu wakiangalia. Mtaani walikuwa wameanza kusema kwamba wakimbizi ndio wanaoleta ugonjwa, na mwenye nyumba alikuwa akitafuta sababu ya kuwafukuza. Kama Mama Mputu angepita kimya akitoka kazini, wangeshukuru.

"Nitamwambia," alisema Éliane. "Akifika tu."

Alikusudia kweli. Lakini Mama Mputu alipofika, Kapinga alikuwa katikati ya mazungumzo na mwanajeshi wa kizuizini. Éliane alijibu salamu ya mama yake bila kugeuza kichwa. Mama alikunywa chai, akalala na nguo zake za kazi. Éliane alikumbuka Béni asubuhi tu, akiwa tayari kwenye mstari wa bendera, alipomwona Phébé akija kwake kwa haraka, macho mekundu.

"Mama yako alisema nini?"

Éliane aligeuka kumkabili. Na jambo la ajabu likatokea kichwani mwake: aliona majibu, moja chini ya jingine, kama kwenye kioo. La kwanza: nilisahau. La pili: sikumkuta. La tatu: anakuja.

La kwanza lingemshusha. La pili lingeleta maswali. La tatu lingemfanya Phébé atabasamu sasa hivi, na mchana, baada ya shule, angemwambia mama, na yote yangekaa sawa.

"Anakuya," alisema Éliane. "Alisema mungojee."

Phébé alitabasamu kweli. Aliomba ruhusa kwa mwalimu, akakimbia nyumbani kupeleka habari. Wakati wa mapumziko Éliane alinunua mikate ya mafuta, akamtuma mtoto wa jirani yao ampelekee Phébé. Alihisi kitu fulani ndani yake kikipanda tena mahali pake.

Mchana, mlango wa kituo cha afya ulikuwa njiani mwake. Aliona foleni ndefu nje, akajiambia kwamba mama hawezi kuondoka sasa, atamwambia akirudi nyumbani. Akapita.

Nyumbani Amédée alikuwa ameacha kompyuta wazi kwa ajili yake. Kapinga alikuwa amefika mjini. Kipimo kilikuwa cheupe kuanzia chini hadi juu. Mlangoni pa mji alisimama mlinzi, na Éliane alitayarisha lile jibu la mioyo myeupe, lile la kuomba wapite. Halikuja. Mlinzi aliuliza tu: "Ulimwambia mama yangu kwamba mtumbwi utarudi?" Chini ya swali hilo kulikuwa na jibu moja: ndiyo. Mlango ukafungwa. Watu wa Kapinga wakabaki nje, mvua ikiwanyeshea.

Éliane alikasirika. Alimwita Amédée, akamwonyesha kipimo.

"Tonton, mchezo umeharibika. Angalia, niko mweupe kabisa."

Amédée alikaa kando yake. Alifungua upande wa ndani wa mchezo, penye mistari ya maandishi, akamweleza pole pole. Mchezo unakumbuka kwa namna mbili. Ya kwanza ni kipimo, nacho ni hesabu tu: inapanda, inashuka. Muhogo kwa kipofu na uongo kwa bibi vinaingia katika hesabu moja, na kimoja kinafunika kingine. Lakini kuna mambo mengine ambayo yeye ameyawekea alama peke yake. Alama haina kiasi. Ni ndiyo au hapana: alimdanganya bibi wa kivukoni, ndiyo au hapana. Ikishawekwa ndiyo, inakaa kimya huko ndani, mchezaji haioni, hadi afike mahali ambapo hadithi inaiuliza.

"Hata nikigawa muhogo wote?"

"Hata wote. Mlinzi haulizi kipimo. Anauliza alama. Kile kipimo ulichokuwa unakiangalia hakijui hata kama yule bibi alikuwa na jina."

Éliane alitazama kioo. Alitaka kusema atarudi pale alipohifadhi, kabla ya kivuko. Badala yake aliinuka, akaacha viatu vyake chini ya meza, akatoka mbio peku kwenye matope.

Mama Mputu alipoona uso wa binti yake kwenye dirisha la kituo, aliacha foleni kwa mwenzake. Éliane alimweleza kwamba Béni wa Phébé anaharisha maji tangu jana. Hakueleza zaidi. Mama alichukua mkoba wake na chupa za maji ya dripu, wakaenda kwa haraka.

Chumba kilinuka. Béni alikuwa amelala kwenye mkeka, macho yameingia ndani, midomo imekauka. Mama Mputu alibana ngozi ya tumbo lake kwa vidole viwili. Ilibaki imesimama kama nguo iliyokunjwa. Kisha aliona kona ya pili. Nkambo, aliyemfulia Béni nguo na kunywa maji ya ndoo ileile, alikuwa amelala ubavu, naye hali yake ilikuwa mbaya zaidi. Kuharisha kulikuwa kumemwanza usiku wa kuamkia siku hiyo tu.

Shangazi yake Phébé alisimama mlangoni na mikono kiunoni. "Mama Éliane, umefika sasa," alisema. "Tulikungojea tangu asubuhi. Mutoto wako alisema unakuya, njo maana tukabakia. Kama hungependa kuingia kwa wakimbizi, ungesema tu, tungewabeba siye wenyewe."

Mama Mputu aligeuka, akamtazama Éliane mara moja tu. Kisha akapiga magoti, akatafuta mshipa kwenye mkono wa Béni. Hakujitetea hata kwa neno moja.

Waliwapeleka wote wawili kwenye mahema ya kipindupindu, karibu na hospitali, ambako mtu anakanyaga maji ya dawa kabla ya kuingia na kabla ya kutoka. Béni aliingizwa chupa baada ya chupa. Jioni alifungua macho akaomba maji. Nkambo hakufungua. Moyo wake wa uzee haukuweza kungoja zaidi ya pale ulipongojeshwa.

Mwili wake haukurudishwa nyumbani. Watu waliovaa mabuti na glavu waliunyunyizia dawa, wakaufunga, wakauzika siku ileile, mbali. Shangazi hakuruhusiwa kumwogesha mama yake mzazi wala kumvika kitenge alichomwekea. Matanga yakakaliwa bila maiti, na walioketi kwenye mikeka walirudia neno moja: muuguzi aliitwa, akakataa. Habari hiyo ilimfikia Mama Mputu kisimani, ikamfikia kanisani, na hata kituoni wagonjwa wengine walimtazama vibaya. Aliendelea kuchemsha vyombo vyake.

Éliane hakuweza kula. Alimkuta mama yake jikoni, akamwambia yote: kuahidi, kusahau, uongo wa asubuhi, mikate ya mafuta, na mlango wa kituo alioupita. Alieleza pia habari za kipimo na za kipofu, kwa sababu bila hizo hata yeye mwenyewe hakuelewa.

Mama Mputu aliweka mwiko chini. Kisha akasema, bila ukali, "Kusahau, mwanangu, kila mtu anasahau. Ungesema umesahau, wangembeba Béni saa ileile, na mimi ningemwona Nkambo angali anatembea. Uongo wako ndio uliowakalisha. Ulimpa Phébé jibu la kumfurahisha, ukachukua furaha yake ukajipimia wema." Akafunika sufuria. "Mimi siwezi kukuambia kama Nkambo angepona. Hilo utaishi nalo, na mimi nitaishi nalo pamoja nawe. Lakini wewe si hesabu, Éliane, na Phébé si kipofu wa kwenye mchezo. Ukimkosea mtu, rudi kwa mtu huyohuyo. Hakuna wema unaoweza kumfanyia mtu mwingine ukalipa pale."

Walikwenda matangani pamoja. Mama alibaki nyuma kidogo, kwa makusudi. Éliane alisimama mbele ya mikeka, akasema kwamba mama yake hakuitwa kamwe. Yeye ndiye aliyepewa ujumbe, akausahau, kisha akadanganya. Mara ya kwanza baadhi hawakusikia, kwa hiyo ilimlazimu aseme tena.

Hakuna aliyemfokea. Hilo lilikuwa gumu zaidi. Shangazi alifunika uso na kitenge. Mzee mmoja aliinuka akampisha Mama Mputu kiti. Phébé peke yake ndiye aliyemtazama Éliane, kwa muda, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina.

"Béni atatoka keshokutwa," alisema Phébé mwishowe. "Bamesema asikunywe tena maji ya kisima. Siye hatuna makaa ya kuchemshia."

"Nitaleta," alisema Éliane. "Yaliyochemshwa. Kila asubuhi, mbele ya kengele ya shule, hadi pampu itengenezwe."

"Ulisema pia mama yako anakuya."

"Najua."

Phébé alirudi kuketi kando ya shangazi yake.

Jioni hiyo Amédée alimsikiliza Éliane hadi mwisho. Alisema anamrekebisha yule kipofu, asipokee zaidi ya mara moja. Kisha akafikiri, akasema ataondoa kabisa kile kipimo kwenye kioo, mchezaji asikione, atazame nyuso za watu tu. Akamwambia pia jambo alilokuwa amelihifadhi: alitaka sauti ya Éliane iwe sauti ya Kapinga. Hakuwahi kusikia mtu akisoma mazungumzo yake vizuri namna hiyo. Wangerekodi Jumamosi, siku ambayo hakuna shule, watakapokuwa na asubuhi nzima. Éliane aliitikia kwa kichwa. Ilikuwa mara ya kwanza siku hizo kitu kizuri kumgusa, na alilala akisema maneno ya Kapinga kwa kunong'ona.

Alfajiri ya Ijumaa Papa Edmond alirudi kutoka kituoni akiwa na habari: tuta limetengenezwa, treni inaondoka asubuhi ileile. Amédée alikuwa tayari ameweka kinasa sauti mezani na kufunga madirisha. Palikuwa na muda wa kurekodi sehemu ya msichana, kama wangeanza saa hiyo hiyo. Asipopata sauti hapa, alisema kwa masikitiko, atampata msichana mwingine Kalemie. Kazi ilikuwa inangojewa.

Ilikuwa pia siku ya Béni kutoka mahemani, mapema alfajiri. Juu ya mbabula, jiko la makaa, maji yalikuwa yameshachemka na kupoa. Kutoka hapo hadi nyuma ya reli, na dumu kichwani, na kurudi, treni ingekuwa imekwenda.

Mama Mputu alikuwa akifunga kitenge chake. Aliona dumu, akaona kinasa sauti, akaona uso wa binti yake. Akakaza fundo la kitenge. Papa Edmond alisogea, akaacha mlango wazi.

Éliane alimpa Amédée mkono. "Safari njema, Tonton. Usimsahaulishe Kapinga lugha yetu," alisema. Kisha akachuchumaa, akajitwika dumu, akatoka.

Njia ilikuwa na utelezi. Maji yalimpigapiga kichwani na shingo ikamuuma kabla hajafika kwenye reli. Alikuwa anavuka alipowaona wasafiri wakikimbia na mizigo yao, na alipofika kwa shangazi, honi ililia mara ya kwanza.

Phébé alitoka, akafungua kifuniko cha dumu, akachungulia ndani.

"Umechemsha?"

"Nimechemsha. Mama ametia na dawa."

Béni alikuwa ameketi kwenye kizingiti, amevikwa sweta kubwa, shingo nyembamba kama ya kuku. Phébé alinawa mikono kwa sabuni, akasuuza kikombe kwa maji hayo, akakijaza, akampa mdogo wake. Walimtazama wote wawili akinywa hadi chini. Honi ililia mara ya pili, ndefu, na magurudumu yakaanza kusikika yakigongana kuelekea kaskazini.

Éliane alingoja dumu limiminwe lote ndani ya mtungi, kisha akalichukua likiwa tupu, kwa ajili ya kesho.